Uniti 130 za mwezi mmoja

Nyumba tunayoishi Tabata ina vyumba vitano vya wapangaji, mita moja ya maji, na mkusanyaji mmoja wa hela ya bili, ambaye ni mimi. Sikuomba kazi hiyo. Aliyekuwa akikusanya kabla yangu alihama, mwenye nyumba akaniambia, "Wewe ndiye umekaa muda mrefu, hebu shika." Tangu hapo ujumbe wa bili unaingia kwenye simu yangu, nami nagawa kwa vyumba vitano, kila mmoja ananitumia chake, nalipa kwa kontroo namba na kubandika risiti kwenye grupu letu la WhatsApp.

Kwa miezi minne, Februari hadi Mei, kazi ilikuwa nyepesi kuliko kulamba sukari. Bili ilikuja uniti 18. Mwezi uliofuata 18. Tena 18. Tena 18. Kwa bei ya shilingi 1,700 kwa uniti (nimeinyoosha bei ili hesabu isituchoshe, na tozo ndogondogo nimeziweka pembeni) ilikuwa 30,600 kwa nyumba nzima, yaani 6,120 kwa chumba. Hakuna aliyelalamika. Mama wa chumba cha pili, anayeuza barafu na juisi, alifika mahali ananitumia hela hata kabla bili haijatoka.

Mwisho wa Juni ujumbe ukaingia: uniti 130, shilingi 221,000.

Nadhani kila aliyewahi kukusanya hela ya bili Dar anajua kilichofuata. Kabla ya saa moja usiku kesi ilikuwa imeshasikilizwa na hukumu kutolewa: mwizi wa maji ni mama wa barafu. Yeye naye akamtaja dada wa saluni aliyehamia chumba cha tano mwanzoni mwa mwezi huo, eti anaoshea wateja nywele nyumbani. Kaka wa chumba cha kwanza akasema ni bomba limepasuka chini ya ardhi. Mwenye nyumba nilipompigia, baada ya shikamoo na marahaba, alisema neno moja: "Hewa." Kwamba maji yakikatika na kurudi, hewa iliyojaa kwenye bomba inatangulia na kuzungusha mita. Hewa kweli inaweza kuzungusha mita, wala si hadithi za kijiweni. Lakini hewa ya kujaza uniti 112 za ziada ingekuwa kimbunga.

Nilianza na bomba, kwa sababu hilo ndilo unaloweza kulipima mwenyewe bila kumshuku mtu. Mita yetu ipo kwenye kisanduku cha zege ndani ya geti. Tarakimu nyeusi zinahesabu uniti nzima, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Nyekundu zinahesabu vipande vya uniti. Katikati kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota, ambacho kinazunguka hata kwa maji kidogo sana. Saa tano usiku niliwaomba wote wafunge bomba zao, nikafunga koki ya kuingilia simtanki ili boya lisije likaruhusu maji usiku, nikapiga picha. Saa kumi na moja alfajiri nikapiga nyingine. Nyota ilikuwa imesimama na tarakimu nyekundu zilikuwa zilezile.

Ila kuna kitu kimoja ambacho nusura nikikosee. Usiku wa kwanza nilipofanya jaribio hilo mtaa mzima haukuwa na maji. Mita isiyo na maji ndani ya bomba itasimama hata kama bomba limekatika vipande viwili. Ilibidi nirudie usiku wa pili, nikiwa nimehakikisha kwa jirani kwamba maji yanatoka, ndipo nikaamini nilichokiona. Bomba halivuji.

Basi nikarudi kwenye simu na kuzipanga zile jumbe tano za bili, ya juu mpaka ya chini, jambo ambalo ningelifanya mwezi wa Februari kama ningekuwa na akili ya Februari. Kila ujumbe ulikuwa na usomaji uliopita, usomaji wa sasa, uniti na kiasi. Miezi yote minne nilikuwa naangalia kiasi tu. Sasa nikaangalia namba mbili za mwanzo.

Februari: uliopita 1204, wa sasa 1204, uniti 18. Machi: 1204, 1204, uniti 18. Aprili na Mei hivyohivyo. Juni: uliopita 1204, wa sasa 1334, uniti 130.

Mita ambayo haijasogea hata hatua moja imewezaje kutoza uniti 18? Jibu ni kwamba hakuna aliyeisoma. Na hapo lawama inarudi nyumbani kwetu. Mwezi wa Februari kaka wa chumba cha kwanza alileta mbwa kwa ajili ya ulinzi, na geti likaanza kufungwa kwa kufuli mchana. Msoma mita akija anakuta geti limefungwa na mbwa anabweka upande wa pili. Ana nyumba nyingi za kupitia siku hiyo. Anaandika kwamba hakuingia, anaendelea na safari, na mtambo wa bili unaweka makadirio: unachukua wastani wa matumizi yetu ya nyuma na kuutoza kana kwamba ndio tuliotumia. Wastani wetu ulikuwa 18 kwa sababu miezi ya mwisho ya mwaka vyumba viwili vilikuwa vitupu. Februari vyumba vyote vilikuwa vimejaa, na mama wa barafu ameshaanza biashara. Tulikuwa tunatumia kwa nyumba iliyojaa na kulipa kwa nyumba iliyo nusu.

Mita haijui habari ya makadirio. Inaendelea kuhesabu kila dumu, geti likiwa wazi au limefungwa. Siku msoma mita anapofanikiwa kuisoma, maji yote ambayo makadirio hayakuyafikia yanajitokeza kwa mkupuo kwenye bili ya mwezi huo. Kwa macho ya anayeipokea, anaona Juni imetumia maji ya ajabu. Ukweli ni kwamba Juni imebeba mzigo wa Februari, Machi, Aprili na Mei.

Hilo peke yake nilikuwa tayari kulikubali. Deni ni deni. Kilichonifanya nikae wima kitandani ni hesabu ndogo: kutoka 1204 mpaka 1334 ni uniti 130, sawa. Lakini katika hizo 130, tulishalipa 18 mara nne. Ni uniti 72, shilingi 122,400, na risiti zote nne zipo kwenye grupu. Bili ya Juni ilikuwa imeanza kuhesabu upya kutoka 1204, kana kwamba miezi minne ile hatukulipa kitu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu wengi ninaowasikia wakigombana na bili za makadirio wanagombana na kitu ambacho si chenyewe. Makadirio yanaweza kuandikwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza, makadirio yanasogeza usomaji. Bili ya Februari ingesomeka 1204 mpaka 1222, Machi 1222 mpaka 1240, kisha 1258, kisha 1276 mwezi wa Mei. Namba hizo hazijawahi kuonekana kwenye mita kwa siku hizo, lakini zinaunda ngazi. Juni mita ikisomwa 1334, bili inatoa 1276 na kupata uniti 58. Zile 72 zimeshajiondoa zenyewe, bila mtu kuhitaji kukumbuka.

Namna ya pili, makadirio yanatoza uniti lakini usomaji unabaki palepale pa mwisho palipoonekana kwa macho. Hii nayo si kosa. Wengine wangesema ni ya uaminifu zaidi, kwa kuwa haiandiki namba ambayo hakuna aliyeiona. Lakini ina sharti moja: siku usomaji halisi unapopatikana, lazima uniti zote zilizotozwa kwa makadirio zitolewe kwenye hesabu. Mtambo ukisahau kuzitoa, au mtu akiingiza usomaji kwa mkono bila kufunga hesabu ya makadirio, mteja analipa maji yaleyale mara mbili. Na bili itaonekana halali kabisa, kwa sababu 1334 kutoa 1204 ni 130 kwenye kalkuleta yoyote ile.

Kwa hiyo bili kubwa ikikujia baada ya miezi ya makadirio, usianze na swali la nani kaiba. Tafuta usomaji halisi wa mwisho na usomaji halisi wa sasa, toa kimoja kwa kingine. Halafu jumlisha uniti zote ulizotozwa katikati, pamoja na za bili hii kubwa. Majibu mawili hayo lazima yalingane. Kwetu la kwanza lilikuwa 130. La pili lilikuwa 72 na 130, yaani 202. Zile 72 za ziada si maji ya mtu yeyote.

Kabla ya kwenda ofisini nilitaka nijiridhishe pia kwamba 130 zenyewe ni za kweli, maana msoma mita naye ni binadamu na 1 inaweza kugeuka 7 kwenye jua la saa saba mchana. Nilitoka na simu, nikalinganisha namba ya mita iliyochongwa kwenye mfuniko na ile ya kwenye bili, nikasoma tarakimu nyeusi. Zilikuwa zimepita 1334 kidogo tu, kama inavyotakiwa. Kisha nikagawa. Kuanzia Januari 28 iliposomwa mara ya mwisho mpaka Juni 27 ni siku 150. Uniti 130 kwa siku 150 ni lita 867 kwa siku. Tuko watu 14. Ni lita 62 kwa kila mtu, madumu matatu na kijisehemu, kwa kuoga, kupika, kufua na choo. Hakuna aliyeiba maji nyumbani kwetu. Nililiweka hilo kwenye grupu, na nilingoja kuona nani atamwomba radhi mama wa barafu. Hakutokea mtu, lakini siku ya pili yake kaka wa chumba cha kwanza alinunua juisi tano kwa mpigo.

Ofisi ya maji ya eneo letu nilifika saa mbili na nusu asubuhi na picha ya mita, zile jumbe tano nilizozichapisha stationeri, na risiti nne. Dada wa dirishani aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye ameshasikia "bili yangu kubwa" mara arobaini wiki hiyo.

"Kaka, mita imesomwa. Ni 1334. Au unabisha usomaji?"

"Sibishi, dada. Usomaji ni sahihi kabisa, picha hii hapa. Nabisha kwamba 72 kati ya hizo nimeshazilipa."

Akanyamaza, akafungua historia ya mteja. Akasogeza karatasi zangu, akaweka kidole kwenye 1204 ya Februari, akashuka nayo mpaka Mei. "Haya yalitozwa kwa wastani," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Hayajatolewa." Tangu hapo tulikuwa upande mmoja. Nadhani kilichosaidia ni kwamba sikwenda kusema bili ni kubwa. Ukubwa wa bili hauna dawa dirishani. Uniti zilizohesabiwa mara mbili zina dawa, na unaweza kuzionyesha kwa kidole.

Alinifungulia lalamiko, akanipa namba yake kwa maandishi, na kunishauri nilipe kwanza sehemu ambayo sina ubishi nayo, yaani uniti 58, shilingi 98,600, ili tusije tukakatiwa maji wakati kesi inasubiri. Fundi alikuja kuhakiki mita baada ya siku chache. Bili ya Julai ilikuja na deni la nyuma la 122,400 na chini yake marekebisho ya kiasi hichohicho chenye alama ya kutoa mbele yake. Julai yenyewe ilikuwa 1334 mpaka 1360, uniti 26.

Kama wasingeelewa ningekuwa na namba ya lalamiko ya kupeleka mbele. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, anapokea malalamiko ya wateja, lakini anataka uwe umeanzia kwa mtoa huduma wako, kwa hiyo ile karatasi ndogo ya dirishani ndiyo tiketi. Bila karatasi, siku uliyokwenda ofisini haikuwahi kuwepo.

Makadirio yanaweza kukosea upande wa pili pia. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao, nyumba iliyokadiriwa kwa wastani wa miezi ya maji tele ingetozwa zaidi ya kilichopita kwenye bomba. Mita ikija kusomwa, inakuwa nyuma ya makadirio. Tuseme makadirio yameshafika 485 na mita inasoma 481: hapo umelipia uniti nne ambazo hujazitumia bado, na zinatakiwa zikungojee kwenye bili inayofuata. Hatari yake ni ya kuchekesha kidogo. Mita ya tarakimu tano ikifika 99999 inarudi sifuri, na mtambo wa bili usiochujwa vizuri ukiona namba imeshuka unaweza kudhani mita imezunguka mzunguko mzima. Utapata bili ya uniti 99,996. Bili ya namna hiyo angalau haihitaji kutetewa, ukiionyesha tu watu wanacheka.

Mtego mwingine upo mahali ambapo bei ni za ngazi, uniti za mwanzo za kila mwezi rahisi na zinazofuata ghali. Chukua nyumba ndogo inayotumia uniti 5 kwa mwezi lakini inakadiriwa 2, na ngazi rahisi inaishia kwenye uniti ya 5. Kwa miezi minne imeacha uniti 3 za bei rahisi kila mwezi bila kuzitumia. Mwezi wa tano mita ikisomwa, uniti 12 za nyuma zinarundikana juu ya 5 za mwezi huo, na zote 12 zinaangukia ngazi ya ghali. Mtu huyo hajatumia maji mengi hata mwezi mmoja, ila anatozwa kama aliyefanya hivyo. Katika hali hiyo inafaa kuomba uniti za nyuma zigawanywe kwenye miezi yake na kupigiwa hesabu upya. Sisi hilo halikutuhusu, 18 zilikuwa zimeshapita ngazi yoyote ya huruma.

Tulichobaki nacho ni kazi ambayo hakuna ofisi ingetusaidia: kugawa 98,600. Kugawa kwa tano ni 19,720 kwa chumba, na wanne tulikubali. Dada wa saluni akasema, kwa utulivu, kwamba amehamia mwanzoni mwa Juni. Alikuwa na haki. Kati ya uniti 58, Juni yenyewe ni 26. Zile 32 ni za Februari hadi Mei, wakati chumba cha tano alikuwemo kijana wa bodaboda ambaye ameshahamia Mbagala. Lilitukumba lilelile lililowakumba wapangaji wengi mwaka 2021, kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU: deni linamshika aliyekuwepo siku ya kulipa. Angalau umeme wa LUKU hauna makadirio, unanunua kwanza ndipo unawasha taa.

Basi sehemu ya dada wa saluni ikawa uniti 5.2, shilingi 8,840. Uniti 6.4 zilizobaki kwenye chumba chake, shilingi 10,880, zikawa za kijana wa bodaboda. Nilimpigia simu, nikamsomea namba zote kuanzia 1204. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha.

"Kaka," akasema, "mimi nilikuwa nalipa kila mwezi."

"Ulilipa 18, mdogo wangu. Tulitumia 26."

Alicheka, akasema nimekuwa kama mwalimu wake wa hisabati, na jioni akanitumia shilingi 5,000.

Siku hizi kila tarehe 27 mtu mmoja anapiga picha ya mita na kuibandika kwenye grupu, kwa zamu. Bili ikija naweka namba zake chini ya picha. Mbwa anafungwa nyuma ya nyumba kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na kwenye geti tumeandika kwa chaki namba yangu ya simu kwa ajili ya msoma mita. Ameshanipigia mara mbili. Kijana wa bodaboda bado namdai 5,880, nazo nilizitoa mfukoni mwangu.